Tupeane uzoefu: mashine pepe ya kizazi cha pili iliyokataa kuwasha Linux

Fundi, Nakuru
Wenzangu, nilikuwa nikiandaa seva ya maktaba ya shule moja hapa mjini. Niliunda mashine pepe ya kizazi cha pili kwenye Hyper-V, nikaiwekea ISO ya Ubuntu na kuiwasha, lakini badala ya menyu ya kusakinisha, skrini nyeusi iliniletea maandishi haya kando ya diski ya DVD:

```
The signed image's hash is not allowed (DB)
```

Nilidhani ISO imeharibika, nikaipakua upya kwa bando langu mwenyewe, na ujumbe ukarudi ule ule. Ninyi mlitokaje hapo?

Kondele, Kisumu
Mimi huzima Secure Boot, basi. Ubuntu haina saini, kwa hiyo itakataliwa daima.

Msimamizi wa seva, Kakamega
Ndugu wa Kondele, mashine itawaka kweli, ila sababu uliyoitoa siyo. Shim, ile programu ndogo inayotangulia GRUB, imetiwa saini na Microsoft, lakini kwa cheti tofauti na kile kinachotumika kwa Windows yenyewe. Hyper-V huipa mashine mpya kiolezo cha Microsoft Windows, ambacho hakikitambui hicho cheti cha pili. Mimi mwenyewe niliwahi kulaumu diski siku mbili kwa sababu hiyo hiyo. Zima mashine kabisa, kisha katika PowerShell ya msimamizi andika:

```
Set-VMFirmware -VMName maktaba -SecureBootTemplate MicrosoftUEFICertificateAuthority
```

Tena soma ujumbe neno kwa neno. Ukikuta `unsigned` mahali pa `signed`, kama ISO ya Arch inavyofanya, faili haina saini kabisa na kubadili kiolezo hakutakufaa. Hapo ndipo Secure Boot huzimwa.

Mwalimu, Bungoma
Samahani, kwangu sehemu ya Secure Boot haionekani kabisa kwenye mipangilio, ingawa Debian inawaka vizuri. Niiwashe wapi?

Msimamizi wa seva, Kakamega
Mwalimu, bila shaka mashine yako ni ya kizazi cha kwanza, ambacho hakina Secure Boot. Kizazi hakibadilishwi mashine ikishaundwa, na kwa kuwa inawaka, sioni haja ya kuigusa.

Fundi, Nakuru
Nimebadili kiolezo, na ISO ya kwanza, niliyokuwa karibu kuifuta, imewaka mara moja. Asante, mkuu.

Kondele, Kisumu
Nakubali kuhusu saini. Hata hivyo, nilipowahi kuiacha Secure Boot ikiwa imewashwa, moduli ya kerneli niliyoijenga mwenyewe ilikataliwa kwa `Key was rejected by service`, na kusajili ufunguo wangu kulinishinda. Kuna aliyefaulu kufanya hivyo ndani ya Hyper-V?