Tupeane uzoefu: nywila, neno la siri, paswedi... umewahi kumjua mwandishi kwa maneno yake ya kitaalamu?

Mhakiki wa Usiku
Wakuu, uzi wa juzi kuhusu mwongozo usio na jina la mwandishi umenikumbusha mambo mengi. Wengine humu tunahariri miongozo ya mifumo, tafsiri za programu za simu, ripoti za miradi. Tupeane uzoefu: ni chaguo gani la istilahi limewahi kukuonyesha nani kaandika, au limekupoteza kabisa? Naanza na langu. Maneno kama "barua pepe" na "pakua" hayakupi chochote, kila mtu anayatumia. Kinachosaidia ni dhana yenye majina yanayogombana: nywila na neno la siri, kivinjari na brauza, kishikwambi na tableti, tarakilishi na kompyuta.

Bwana Faili
Tarakilishi = Mkenya. Kesi imefungwa 😂

Mwalimu Chaki
Haijafungwa. Tarakilishi, rununu na kipakatalishi ni maneno ya insha za shule Kenya. Yanakwambia mtu alifundishwa Kiswahili wapi, hayakwambii ni nani. Fundi wa Nairobi akiandika maelekezo ya kufunga printa ataandika kompyuta, kama fundi wa Mwanza.

Bwana Faili
Basi mwalimu wa Nairobi. Ni yale yale.

Kibubu
Niliyempata kirahisi kuliko wote aliandika UVIKO-19. Ukilikuta neno hilo, karatasi ina dalili kubwa ya kuwa ya Tanzania, na ya 2021 au baadaye. Jirani zetu wengi walibaki na Covid-19 na korona.

Mhakiki wa Usiku
Kweli. Hilo linakupa mahali na wakati kwa mpigo mmoja, ila kuhusu mtu bado hujapata kitu.

Kirekebishi
Mnahangaika na nomino, na nomino ndiyo rahisi kubadilishwa kuliko kitu chochote. Mhariri anafungua "tafuta na ubadilishe", na kwa sekunde mbili neno limegeuka mwongozo mzima. Kinachobaki nyuma ni upatanisho. Angalieni kipande hiki, nimebadilisha mambo yanayomtambulisha mteja:

"Fungua brauza chako, kisha andika nywila jipya. Rudia kuliandika kwenye kisanduku cha pili. Kama umelisahau, bofya linki kilicho chini."

Someni taratibu. Brauza ni ya ngeli ya i-/zi-, tungetegemea "brauza yako". Hiyo "chako" imetoka wapi? Imetoka kwenye kivinjari. Nywila nayo tungesema "nywila mpya", lakini hapo ni "jipya", na kwenye sentensi mbili zinazofuata bado tuna "kuliandika" na "umelisahau". Huyo ni neno la siri aliyefukuzwa akaacha viatu mlangoni. "Linki kilicho chini" ilikuwa "kiungo kilicho chini". Kwa hiyo mwandishi wa kwanza ni mtu wa kivinjari, neno la siri na kiungo, na mkono wa pili ndio ulioleta brauza, nywila na linki.

Mhariri makini atarekebisha neno linalofuata papo hapo, "jipya" atalifanya "mpya". Anachosahau ni ile "li" iliyofichwa ndani ya kitenzi sentensi mbili mbele, kwa sababu nomino yenyewe haipo pale ya kumkumbusha. Mimi huyatafuta yote kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili:

```
grep -noE 'nywila (lako|hilo|hili|jipya)' mwongozo.txt
grep -noE 'brauza (chako|hiki|hicho)' mwongozo.txt
grep -nE 'kuliandika|umelisahau|lirudie' mwongozo.txt
```

Amri ya tatu italeta pia sentensi zisizohusika, kwa hiyo isome kwa macho, usihesabu tu.

Mama Kamusi
Hii ndiyo sababu napenda jukwaa hili.

Pwani Moja
Kirekebishi, hapo kwenye "brauza chako" nakubali. Lakini kuna mtu kesho ataona "kishikwambi yako" aseme aha, hapa palikuwa na "tableti yako". Sisi wa Kenya tunajua watu wengi mjini wanasema "kitu yangu", "kiti hii", kila kitu kinamezwa na i-/zi-. Huyo hakubadilisha neno, ndivyo anavyozungumza, na Kiswahili chake cha mdomoni kimeponyoka kikaingia kwenye maandishi.

Kirekebishi
Sawa kabisa, na ndiyo maana mwelekeo wa kosa una uzito. Kosa la kwenda i-/zi- lina maelezo mawili: mabaki ya uhariri, au mazoea ya mtu. Kosa la kutoka i-/zi- kwenda li- au ki-, kama "nywila lako" au "brauza chako", mazoea ya mjini hayalielezi. Hakuna mtaa unaosema "simu lako jipya" kwa maana ya kawaida. Hilo la pili ndilo nalitegemea, la kwanza naliandika pembeni tu.

Bwana Faili
Mimi nasema "faili hii" na "faili hili" siku hiyo hiyo. Mnifunge?

Kirekebishi
Wewe na nusu ya nchi. Faili halinisaidii, nimelitoa kwenye orodha yangu. Wingi wake kidogo unasaidia: kuna wanaoandika "mafaili" kila mara na kuna wasioliandika kamwe.

Dada Istilahi
Niongeze kitu kutoka upande wa tafsiri za programu. Mteja mkubwa hutuma orodha ya istilahi kabla hujaanza kazi. Ikisema "chaguo-msingi", utaandika chaguo-msingi hata kama moyoni unasema "difoti". Ikisema nywila, ni nywila. Maneno yaliyomo kwenye orodha yanamtambulisha mteja. Mkitaka mtafsiri, tazameni yasiyokuwemo: anaandika "bofya" au "bonyeza", "iwapo" au "endapo" au "ikiwa", "hitilafu" au "kosa" au "tatizo", na mtumiaji anamwita "wewe" au "mtumiaji". Kwenye kipande cha Kirekebishi, brauza na linki ni mkopo lakini nywila si mkopo wa Kiingereza. Mtu mmoja mwenye ladha yake hachanganyi hivyo kirahisi. Nahisi huyo mkono wa pili alikuwa anafuata orodha.

Kirekebishi
Inawezekana. Sina orodha ya kuthibitisha.

Msomaji Mkimya
Samahani kuuliza, sasa lililo sahihi ni lipi, nywila au neno la siri? Mwanangu ana mtihani.

Mama Kamusi
Yote mawili yanatumika, dada. Aangalie kitabu cha shule kinasemaje, aandike hivyo. Uzi huu hautamsaidia.

Jicho la Tatu
Sasa mnisikilize, maana hili la kujificha hamjaligusa. Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo, sikitaji. Iliwafikia wajumbe karatasi ya kurasa 4 bila jina, inaeleza kwamba mfumo mpya wa malipo una mwanya: mtu mmoja anaweza kuingiza mkopo na kuuidhinisha yeye mwenyewe. Maelezo yalikuwa ya kiufundi na ya kweli, mwanya ulikuwepo. Badala ya kuuziba, wakubwa wakaanza kumtafuta mwandishi. Ndani ya karatasi mlikuwa na "tarakilishi", "rununu" na "kipakatalishi". Ofisini alikuwepo kijana mmoja tu aliyesomea Kenya. Mnajua kilichofuata: barua ya kujieleza, na siku mbili baadaye kusimamishwa.

Mtu mmoja aliyejua kuhariri ndiye aliyeomba aione karatasi. Jambo la kwanza alilogundua: tarakilishi ilitokea mara 6, zote kwenye vichwa vya habari au sentensi ya kwanza ya aya. Ndani ya aya, pale maelezo yanapokuwa marefu na mwandishi amesahau kujilinda, mlikuwa na "kompyuta ya keshia" mara 2. Pili, paliandikwa "muswada wa kanuni" na si "mswada", na huyo kijana barua zake zote za kazini zilikuwa na "mswada". Tatu, "mafaili hayo", ambalo kijana hakuwahi kuliandika hata mara moja. Maneno yanayoonekana kwa mbali yalikuwa ya Kenya, na yale madogo yalikuwa ya hapa hapa. Mtu alivaa koti la mwenzake.

Kibubu
Duh. Na aliyeandika?

Jicho la Tatu
Hakupatikana. Kijana alirudishwa kazini.

Bwana Faili
Mimi ningeanza na aliyekuwa anaidhinisha mikopo 😂

Mwalimu Chaki
Jicho, naheshimu, lakini "muswada" halithibitishi Utanzania. Mkenya aliyefanya kazi Dar miaka mitano ataandika muswada. Na mara 2 za "kompyuta" katika kurasa 4 ni kidogo mno.

Jicho la Tatu
Ndiyo maana sikusema lilithibitisha nani. Lilitosha kuonyesha kwamba ushahidi dhidi ya kijana haukuwa ushahidi. Hayo ni mambo mawili, Mwalimu.

Mwalimu Chaki
Hapo tuko pamoja.

Pwani Moja
Na mwanya wa mfumo waliuziba?

Jicho la Tatu
Usiniulize.

Kibubu
Turudi kwenye tarehe. Kishikwambi limeenea na Sensa ya 2022, makarani walipopewa, kisha vikaenda kwa walimu. Kwa hiyo karatasi inayodai ni ya 2012 ikiwa na "vishikwambi" ni ya kughushi.

Dada Istilahi
Polepole. Neno kuenea si neno kuzaliwa. Istilahi hukaa kwenye orodha za wataalamu kabla ya wananchi kulisikia. Mwanafunzi wa isimu au mtu wa BAKITA anaweza kuwa alilitumia mapema. Ungesema "inatia shaka kwa karani wa kawaida", ningekubali.

Kibubu
Haya, inatia shaka.

Mzee Goma
Huku kwetu mashariki ya Kongo mkopo hautoki Kiingereza, unatoka Kifaransa. Mtu akiandika "biro" kwa maana ya ofisi, msimtafute Dar wala Mombasa.

Mama Kamusi
Asante Mzee, tungelisahau. Tukisema tu "huyu anakopa", hatujauliza anakopa kwa nani.

Mhakiki wa Usiku
Swali la utaratibu kwa Kirekebishi. Ukiwa na watuhumiwa wawili, unahesabuje?

Kirekebishi
Kwa dhana, si kwa neno. Nachagua dhana 8 hadi 10 zenye majina yanayogombana na ambazo zimo kwenye maandishi yote. Kwa kila dhana naandika aliita nini na mara ngapi. Mmoja akisema kivinjari mara 9 na brauza mara 1, hiyo ni tabia. Akisema 5 kwa 5, dhana hiyo naitupa. Maneno yaliyonukuliwa kutoka kwenye skrini ya mfumo naondoa kabla ya kuhesabu, maana hayo ni ya mfumo. Kisha nalinganisha mwongozo na mwongozo. Mtu huyo huyo akiandika barua kwa bosi atasema nywila, na kwenye ujumbe wa simu atasema paswedi. Andiko lisilofika maneno 300 huwa nalirudisha.

Bwana Faili
Ujumbe wa simu ndio ushahidi tulio nao wengi wetu.

Kirekebishi
Basi lete ujumbe wa simu ulinganishwe na ujumbe wa simu.

Pwani Moja
Nina mwongozo mmoja hapa, sura ya 1 hadi 3 zina "kiungo", ya 4 ina "linki", ya 5 inarudi "kiungo" lakini "kiungo yako" imo mara 3. Waandishi wawili au mhariri aliyechoka?

Kirekebishi
Sura ya 4, linki inapatanishwa vipi? "Linki hii" au "linki hiki"?

Pwani Moja
Yote mawili 🤦🏾

Dada Istilahi
Uliza kwanza kama sura ya 4 iliandikwa baada ya nyingine kukabidhiwa. Mara nyingi sura ya nyongeza huja bila orodha.