Nitenganishe vipi matumizi ya nyumbani na ya duka katika taarifa ya benki kabla ya kuomba mkopo?

MwanaNgamiani: Wakubwa wangu shikamooni, na wengine habari zenu. Ninauza vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga, na mkopeshaji amenitaka nimpelekee taarifa ya benki ya miezi sita. Akaunti ni ya duka, lakini humo humo nimelipa ada za watoto na umeme wa nyumbani. Nimeanza kuchambua mwezi Machi. Ziliingia shilingi 9,100,000, zikatoka 8,600,000. Katika zilizotoka, 5,200,000 zilikwenda kwa wauzaji wa jumla, 200,000 kodi ya fremu, 450,000 ada, 150,000 LUKU, 200,000 nilizitoa kwa kadi, na 2,400,000 nilizihamishia kwenye simu yangu. Hizo za simu ndizo zinazonisumbua, kwa sababu taarifa haionyeshi zilikokwenda baada ya hapo. Je, nizihesabu zote kuwa matumizi binafsi?

Makorora77: Ndugu, fedha anazochukua mwenye duka kwa ajili ya nyumba yake si gharama za biashara. Ziondoe zote kwenye hesabu, faida itapanda, nawe utapewa mkopo mkubwa zaidi.

BintiMuheza: Mimi nilifungua akaunti ya pili mwaka jana, na tangu hapo sijapata usumbufu wowote. Fanya hivyo kesho asubuhi.

KaraniMstaafu: Mwanangu, marahaba. Nimekaa kwenye meza ya mikopo miaka mingi, kwa hiyo niruhusu niseme kwa kirefu kidogo. Akaunti ya pili itakufaa kwa miezi ijayo, lakini haibadilishi miezi sita iliyokwisha kupita. Naye Makorora77 amesema kweli nusu: ada si gharama ya duka, lakini rejesho la mkopo hulipwa na kile kinachobaki baada ya familia kula na watoto kusoma, na afisa mikopo atakitafuta hicho.

Kuhusu simu, omba kwa kampuni ya simu taarifa ya miamala ya miezi hiyo hiyo, kisha uiweke kando ya ile ya benki. Kila fedha iliyoingia kwenye simu kutoka benki, fuatilia ilitoka kwenda wapi siku ile na siku mbili tatu zilizofuata. Iliyolipwa kwa namba ya lipa ya muuzaji wa jumla, au kwa mwenye gari aliyekuletea saruji kutoka Pongwe, ni ya duka. Iliyotolewa taslimu kwa wakala bila risiti, iweke katika fungu la tatu la zisizojulikana, wala usiilazimishe kuwa ya biashara. LUKU nayo itenganishe kwa namba ya mita, kwani mita ya dukani na ya nyumbani hazifanani.

Jambo moja nalisisitiza: taarifa yenyewe usiiguse hata herufi moja. Kubadilisha taarifa ya benki ni kughushi, na ni kosa la jinai. Uchambuzi wako uandike kwenye karatasi ya pembeni, uuambatanishe.

MwanaNgamiani: Nimekesha nayo, mzee wangu. Katika zile 2,400,000 za simu, 1,350,000 ni za duka, 700,000 za nyumbani, na 350,000 nilizitoa kwa wakala nisikumbuke kwa kazi gani. LUKU ya nyumbani ni 90,000 na ya dukani 60,000. Kwa hiyo matumizi binafsi yaliyo dhahiri ni 1,240,000, na zisizojulikana, pamoja na zile za kadi, ni 550,000.

KaraniMstaafu: Vizuri. Sasa tazama upande wa pili, ambao wengi huusahau: zile 9,100,000 zilizoingia, zote ni mauzo?

MwanaNgamiani: Hapana. 800,000 ni za upatu. Ilikuwa zamu yangu.

KaraniMstaafu: Basi mauzo yaliyopita benki ni 8,300,000. Gharama za duka ni 6,810,000, zinabaki 1,490,000. Nyumba imechukua 1,240,000, zinabaki 250,000. Ikiwa zile 550,000 nazo ni za nyumbani, mwezi huo ulipungukiwa shilingi 300,000, na upatu ndio ulioziba pengo. Mkopeshaji akiligundua hilo mwenyewe ilhali hukumwambia, atatilia shaka na mengine yote.

MwanaNgamiani: Limeniuma, lakini ndivyo ilivyo. Miezi mitano iliyobaki nitaifanya hivyo hivyo. Nina swali: wateja wengi hulipa taslimu, na mke wangu huchukua fedha ya mboga kwenye droo kabla haijafika benki. Hiyo niiandike wapi?

Makorora77: Hiyo haionekani popote, iache.

KaraniMstaafu: Mimi nisingeiacha, kwa kuwa ni mauzo na ni matumizi kwa wakati mmoja. Ila bila daftari la kila siku, mkopeshaji mmoja atakubali makadirio yako na mwingine atayakataa. Je, mna daftari la mauzo hapo dukani?

MwanaNgamiani: Lipo tangu mwezi Mei tu.