Grupu la harusi bado linanifuata

Familia Himbi, Goma

Riziki, 19:42
Wapendwa, habari za jioni. Lile grupu la harusi ya mdogo wake Mama Neema bado liko. Harusi ilikwisha zamani, bibi harusi amekwisha kujifungua, lakini kule ni vitenge vinauzwa na video za vichekesho tangu asubuhi. Mega ninazonunua Jumatatu hazifiki Alhamisi. Nataka kutoka, ila Mama Neema ndiye aliyeniingiza, na tunakutana kila siku kwenye bomba.

Amani, 19:44
Tantini, toka tu. Siku hizi ukitoka hakuna anayejua. Haiandikwi tena.

Furaha, 19:47
Amani, umeshika nusu. Tangu 2022 wengine hawaoni tangazo, lakini maadmini wanaliona. Na kwa siku 60, yeyote akishuka mpaka mwisho wa orodha ya watu wa grupu anaweza kufungua majina ya waliotoka. Riziki, Mama Neema ni admini?

Riziki, 19:48
Yeye na mume wake 🙆🏾‍♀️

Furaha, 19:48
Basi ataona palepale, na jina lako.

Baba Mdogo, 19:50
Nani anatoka? Riziki, tumekukosea nini? Kama ni ile mambo ya mbuzi, njoo tuzungumze.

Riziki, 19:51
Hapana baba mdogo, si humu. Ni grupu lingine.

Baba Mdogo, 19:52
Haya. Lakini mtu hatoki kwenye familia.

Tantini Zawadi, 19:55
Mimi nilitoka kwenye grupu la likelemba, na admini nilikuwa peke yangu. Nikajua litakufa lenyewe. Kumbe WhatsApp ikachagua admini mwingine bila kuuliza mtu, ikaangukia yule ambaye miezi miwili hajatoa kitu! Sasa ndiye anawatumia wenzangu vikumbusho vya kulipa 😂

Furaha, 19:58
😂 Ungemteua mtu kwanza, tantini.
Riziki, kutoka kwenyewe si kitu kikubwa. Angalia unatoka siku gani. Kule kwetu dada mmoja alitoka saa moja baada ya kubandikwa orodha ya mchango wa kilio. Si unajua ile orodha, kila mtu anainakili anaongeza jina lake na 5$ yake chini? Alikuwa amepanga kutoka tangu zamani, masikini. Mpaka leo wanasema alikimbia dola tano.

Riziki, 20:00
Ee! Kule leo asubuhi wameanzisha orodha ya mtoto mchanga. Imefika jina la saba.

Furaha, 20:01
Basi leo usitoke. Ngoja ifungwe, pesa zipelekwe, waseme zimefika.

Amani, 20:03
Au alizime sauti kabisa, aliweke kwenye archive. Nani atajua?

Furaha, 20:07
Hilo kweli hakuna anayejua, na kwa wiki hii linatosha. Lakini kuzima sauti hakuokoi mega. Picha na video zinaendelea kushuka kimyakimya. Riziki, ingia Paramètres, kisha Stockage et données, uondoe alama zote za kupakua kwenyewe kwenye data ya simu. Itakuwa hivyo kwa magrupu yote, hata hili. Picha itashuka ukiigusa tu.

Baba Mdogo, 20:09
Kwa hiyo picha zangu za mahindi hamzioni?

Riziki, 20:10
Tunazigusa, baba mdogo 🙏🏾
Yaya Furaha, halafu nimwandikie nini? Nimejaribu hivi: «Mama Neema, nisamehe sana, simu yangu imeharibika, inanitoa kwenye magrupu.»

Furaha, 20:12
Na kesho akukute bombani na simu ileile? Mwandikie yeye peke yake, kabla ya kutoka, si baada. Fupi. Umtajie kitu kimoja cha kweli cha ile harusi.

Riziki, 20:19
«Mama Neema, jioni njema. Aksanti kwa kuniweka kwenye kamati, ule usiku wa kukaanga sambusa sitausahau. Sasa harusi ilikwisha, nitatoka kwenye grupu Jumamosi ju ya mega. Jambo la mtoto au la kilio, niite moja kwa moja, niko.»

Furaha, 20:20
Hiyo ndiyo.

Tantini Zawadi, 20:21
Mimi ningeaga kwenye grupu lenyewe, wote wasikie. Ukimwambia mmoja, wengine watasema unanung'unika pembeni.

Furaha, 20:23
Ukiaga mbele ya watu 90, tantini, utapata «kwa nini?» tisini. Na wengine watatoka nyuma yako, yeye aone umevunja grupu lake.

Tantini Zawadi, 20:24
Hm. Kwetu tuliaga.

Riziki, 20:41
Nimeituma leo, nikashindwa kungoja. Amejibu: «Riziki, hata mimi nimechoka na vile vitenge. Nitokeje, na mimi ndiye admini?»

Tantini Zawadi, 20:42
Mwambie ateue mtu KWANZA.