Sheng haitulii, mtoto nimwambieje?

Baba Neema, Umoja: Jana binti yangu wa miaka minane aliwaambia kaka yake na wenzake, "Leo tumekuja na mathree," yaani matatu. Wakacheka hadi wakashika mbavu: "Hiyo ni ya mabuda!" Akanijia amenuna. "Baba, maneno yako yaliisha lini? Na kwa nini wanabadilisha haraka hivyo?" Nikakosa la kusema.

Mwalimu wa Ruiru: Ni uvivu tu. Nasahihisha insha, nakutana na "risto" mahali pa hadithi. Lugha imewashinda, wanajificha huko.

Konda Mstaafu: Uvivu? Risto ni "stori" iliyogeuzwa. Mvivu hasumbuki kugeuza. Sisi wa Kaloleni hapa Nairobi, mzazi akishalijua neno, halina kazi tena. Polisi alipojua anaitwa karao, likaja sanse. Lakini angalia pesa: mbao ni shilingi 20, finje 50, soo 100, tangu nikiwa kijana. Hayo hayaguswi. Nikimtajia abiria nauli kwa neno la wiki jana, ataniuliza mara tatu na gari linasubiri.

Bi Kisauni: Kugeuza silabi mnajidai kwamba ni ubunifu wa Nairobi! Pwani kunaitwa kinyume. Askofu Steere alikuta watu wa Unguja wakikizungumza, akakiandika kwenye kitabu chake karne ya 19. Mlikuwa wapi?

Mtoto wa Jericho: Mama, hayo waachie wanahistoria. Mimi nimekwama hapo kwa "sisi wa Kaloleni". Sheng ni ya Jericho. Konda, taja hata mtu mmoja wa Kaloleni aliyeianzisha.

Konda Mstaafu: Jericho mlikuja kukuta tushaongea.

Kijana wa Kayole: Wazee, mtoto bado hajajibiwa. Tunabadilisha kwa sababu yenu. Neno likishafika kwenye bango la benki, nani atalitumia? 2022 tulikuwa na shembeteng, kwenye Sheng unachomeka "embet" katikati, inakuwa shembeteng. Raha tupu. Kisha watu wazima wakaanza kuichapa kwenye simu zao, tukaona aibu.

Konda Mstaafu: Mbona karao bado mnalo?

Kijana wa Kayole: Hilo la kila mtu, halina siri. Tunayotupa ni yale ya kujuana. Na hata hayo kila mtaa una yake. Neno la Kayole likifika Kibera ukalisema, watajua we ni mgeni.

Mwalimu wa Ruiru: Kwa hiyo ni dharau kwa wakubwa, siyo uvivu. Afadhali ungesema mapema.

Baba Neema: Basi kesho aseme nini? Nganya?

Kijana wa Kayole: Akisema nganya, iwe kweli ina michoro na muziki. Akiita hivyo ile basi yenu kuukuu, watamcheka tena.

Bi Kisauni: Aseme matatu.

Konda Mstaafu: Matatu nayo ilikuwa lugha ya mtaani, mama. Ilitokana na nauli, sarafu tatu za senti kumi.

Mtoto wa Jericho: Bado nasubiri jina la huyo mtu wa Kaloleni.