Ada ya chuo: tudundulize mapema au tukope wakati ukifika?

Mwanzisha mada: Mtoto wetu ana miaka 6. Mwenzangu anataka tuweke 50,000 kila mwezi mpaka aende chuo. Mimi naona pesa izunguke kwenye biashara, tutakopa huko mbele. Nani yuko sahihi?

Kisiki: Si elimu ni bure siku hizi? Mnahangaikia nini?

Karani wa Saccos: Kisiki, kilichofutwa ni ada ya shule za serikali, hadi kidato cha nne tangu 2016 na hadi cha sita tangu 2022. Chuo hakimo.

Sasa hesabu. 50,000 kwa miaka 13 ni 7,800,000. Ukinunua vipande vya mfuko wa uwekezaji, tuseme faida iwe wastani wa asilimia 10 kwa mwaka na usiiguse, utakuta kama 15,900,000. Usishangilie bado. Ada ikipanda asilimia 6 kila mwaka, itakuwa imezidi mara mbili, na fungu hilo litalipia kile ambacho leo kinalipiwa na kama 7,500,000. Yaani umeikimbiza ada ukaifikia, basi. Aliyeweka kwenye kibubu atalipia cha 3,700,000.

Mpiga hesabu: Hata mkopo hautishi. Milioni 6 kwa asilimia 17, miaka mitatu, riba ni 3,060,000.

Karani wa Saccos: Hiyo ni pale riba inapopigwa juu ya deni lote mpaka mwisho. Kwa riba inayopungua, rejesho ni karibu 214,000 kwa mwezi na riba yote karibu 1,700,000. Asilimia ileile! Kabla ya kusaini, omba jedwali la marejesho. Riba ya mwezi wa pili ikiwa sawa na ya kwanza, haipungui.

Mama Wawili: Mimi nina miaka 54, mwanangu anaingia chuo mwaka huu. Nikope, halafu mafao yaje kumalizia deni?

Mstaafu: Hapana, mama. Mafao yakimezwa na deni, utakula kwa huyohuyo mtoto. Aombe Bodi ya Mikopo kwanza. Ikimpa sehemu tu ya ada, wewe ziba pengo, na kama ni kwa mkopo, uishe kabla hujafika 60.

Kisiki: Halafu akiajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara, na bado atume nyumbani? Mzazi ndiye aliyemleta duniani.

Mstaafu: Makato yana mwisho, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021. Kulisha wazazi hakuna jedwali.

Kisiki: Kwetu hilo haliitwi deni.

Mwanzisha mada: Na biashara je? Mbona hamjaigusa?

Karani wa Saccos: Inakuachia faida gani kwa mwaka, ukishajilipa mshahara wako?

Mwanzisha mada: Sijawahi kuitenga.