Naomba ushauri: gundi na grauti ya ukuta wa shawa usiokauka

Wakuu, habari zenu. Nipo Moshi, wapangaji wanne wanatumia shawa moja, ukuta haukauki. Marumaru tatu za porseleni zimedondoka. Mgongo wake ni safi kama zimetoka dukani, saruji yote imebaki ukutani kwa madonge. Zilizobaki ukizigonga zinalia kama kuna uwazi nyuma yake.

Fundi anataka kuzirudishia kwa saruji na mchanga. Mimi napinga, maana porseleni karibu hainywi maji, saruji tupu haipati pa kushika. Dukani kuna gundi ya ndoo iliyo tayari, lakini nyingi za aina hiyo hulainika zikilowa muda mrefu. Nimeegemea ya mfuko iliyoandikwa C2TE, yaani gundi ya saruji iliyoboreshwa isiyoteleza ukutani na isiyowahi kukauka, ipakwe kwa mwiko wa meno ukutani na nyingine nyembamba mgongoni mwa marumaru, pasibaki uwazi wa kukusanya maji.

Kinachonitatiza ni grauti. Ya epoksi haipitishi maji, ila bei yake, jamani! Ya saruji hupitisha kidogo kidogo. Je, nikipaka plasta dawa ya kuzuia maji mikono miwili kabla ya gundi, na kwenye kona nikaweka silikoni, hiyo ya saruji itatosha? Na mafundi wa epoksi hapa Moshi wanatoza vipi kwa mita ya mraba?