Tupeane uzoefu: ulichaguaje nadharia ya utafiti wako, na ulijibuje "kwa nini siyo ile nyingine?"

ChakiNyeupe: Naanza mimi. Masters ya elimu, naangalia walimu wa baiolojia wanavyowasaidia wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waliosoma msingi kwa Kiswahili waelewe somo kwa Kiingereza. Propozo ya kwanza niliweka Bronfenbrenner, yule wa mazingira yanayomzunguka mtoto kuanzia nyumbani, kwa sababu kila tasnifu niliyofungua maktaba ilikuwa naye. Siku ya kutetea mjumbe mmoja akaniuliza, data yako ya nyumbani iko wapi? Sina, mimi nina vipindi 8 nilivyorekodi darasani basi. Nikarudishwa.

Nikachora jedwali, kila nadharia nikaiuliza, nikikushika wewe, kwenye hivi vipindi nitazame nini? Cummins ananieleza vizuri kwa nini mtoto anaomba ruhusa ya kutoka kwa Kiingereza safi ila kueleza usanisinuru hawezi, lakini hapo namuona mwanafunzi, mwalimu simuoni sana. Bourdieu anataka nijue familia na thamani ya Kiingereza mtaani. Vygotsky, anayesema mtoto hujifunza kwa kusaidiwa na anayejua zaidi, ndio akanipa tukio lenyewe: mwalimu kauliza kwa Kiingereza, kimya, kaligeuza swali kwa Kiswahili mikono ikapanda, halafu akawarudisha taratibu kwenye Kiingereza, anaanza sentensi wao wanamalizia. Nikaandika hayo yote, na nikakiri kwamba Vygotsky hanielezi kwa nini shule ina kibao cha kukataza Kiswahili.

Binti_Tanga: Mi nilichanganya Vygotsky na Piaget ili nisiulizwe, ikapita.

Mkufunzi62: Kuchanganya si kosa dada yangu, ila hao wawili wanavutana. Piaget anataka mtoto akomae kwanza ndio afundishike, Vygotsky anasema kufundishwa ndio kunavuta ukuaji. Ukiwaweka pamoja lazima useme nani anajibu swali lipi. Na Chaki, angalia: neno skafoldingi, yaani huo msaada wa muda wa mwalimu, si la Vygotsky, lilitoka kwa Wood, Bruner na Ross 1976. Jopo linapenda kukunasa hapo.

MwlKomputa: Mimi mfumo wa kwangu una boksi na mishale, vigezo huru kushoto, tegemezi kulia. Nilitumia TAM ya Davis ya 1989, ile ya kwamba mtu hukubali teknolojia akiiona inafaa na ni rahisi, kwa walimu na projekta. Karibu wote wakajaza inafaa na ni rahisi, ila darasani haitumiki, kumbe ufunguo wa chumba anao mkuu wa shule na akisafiri anaondoka nao!

Mkufunzi62: Boksi na mishale ni mfumo wa dhana, nadharia ni TAM yenyewe. Na huo ufunguo ndio hoja yako, maana TAM ile haina pa kuuweka, UTAUT ya 2003, nadharia iliyounganisha TAM na nyingine, inapo, wameweka mazingira wezeshi.

MwlKomputa: Hojaji nimeshakusanya zote mkufunzi. Nabadili nadharia sasa hivi au naandika tu kwamba TAM imeshindwa hapo?

ChakiNyeupe: Mi ningeandika imeshindwa, hayo ni matokeo.

Mkufunzi62: Hapo sijakubali bado. Hojaji iliuliza chochote kuhusu vifaa na vyumba?